Nilikuwa na Programu, Nikadhani Nina Mpango

Wasee, leo nawapa stori ya siku niliyochoma mbele ya shule nzima. Halafu nitawapa makaratasi yaliyoniokoa mwaka uliofuata, neno kwa neno, mkitaka kuyanakili myanakili.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, nikarudi nyumbani Eastlands, nikaanza kupiga video za kufungua redio mbovu na kueleza ndani kuna nini. Siku moja mwalimu aliyenifunza fizikia sekondari akanipigia simu. Huyu ni mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Kijana, naona unaongea sana huko kwa simu. Njoo unisaidie kuandaa maonyesho ya sayansi hapa shuleni."

Kwa wale hamjui, yale Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya ambayo huonyeshwa kitaifa yanaanzia shuleni. Mradi ukishinda shuleni unaenda kaunti ndogo, halafu kaunti, halafu mkoa, ndipo ufike taifa. Kwa hivyo siku ya maonyesho ya shule ni mlango. Mradi usipoonekana hapo, hakuna mtu mwingine atauona mahali pengine.

Mimi sikufikiria hivyo. Nilifikiria kama mtu wa video. Nikatengeneza programu safi sana, yenye rangi na nembo ya shule. Maombi, hotuba ya mwalimu mkuu, mgeni wa heshima afungue rasmi, majaji wapitie miradi, chakula, zawadi, maombi tena. Katikati ya karatasi kulikuwa na mstari mmoja: "4:00 – 6:00, Majaji kupitia miradi." Huo mstari ndio ulinimaliza.

Vile kilinuka

Tulikuwa na miradi 34 kwenye ukumbi wa kulia chakula. Majaji wanne walikuwa wamekubali kuja. Nilikuwa nimewatumia ujumbe: "Tukutane saa 4." Watatu wakaja saa nne asubuhi. Wa nne anafanya kazi ofisini, na kwake yeye 4 ni ile ya kwenye simu. Alinipigia saa tisa na nusu alasiri akiniuliza kama aingie na lango la mbele ama la nyuma, yuko karibu kufika.

Saa nne ikafika lakini hatukuanza, kwa sababu programu yangu ilisema mgeni wa heshima ndiye anafungua. Mgeni alikuwa kwa jam. Alifika saa tano na dakika kumi, akasalimia watu, akafungua, na majaji wakaanza saa tano na dakika ishirini. Na saa saba kamili ukumbi ulikuwa unahitajika, kwa sababu ni ukumbi wa chakula na wanafunzi lazima wale. Hiyo ni dakika 100 tu.

Majaji wakaenda pamoja kama kikundi, meza baada ya meza. Miradi minane ya kwanza iliwachukua kama dakika nane kila mmoja. Walipoangalia saa wakaanza kukimbia, dakika nne nne. Saa saba ilipogonga walikuwa wameona miradi 17. Wapishi wakaingia na sufuria za githeri. Nusu ya miradi haikuwa imeguswa.

Kwenye meza ya 29 kulikuwa na wasichana wawili wa kidato cha pili. Walikuwa wametengeneza kabati la makaa. Ni kabati ambalo kuta zake ni waya wa wavu mara mbili, katikati makaa yamejazwa, halafu unayalowesha maji. Maji yakigeuka mvuke yanabeba joto, ndani kunabaki baridi kuliko nje, na sukuma wiki haikauki haraka. Kitu chenyewe si kipya, wakulima wanakitumia. Lakini hawa walikuwa wamepima joto la ndani na la nje kila saa kwa wiki mbili, wakaandika kila namba kwa daftari. Walisimama hapo tangu asubuhi. Mmoja akaniuliza, "Braza, majaji watarudi baada ya chakula?"

Nikamwambia watarudi. Nilijua hawarudi. Mmoja wao alikuwa tayari ameita bodaboda.

Jioni nikiwa nje ya chumba cha walimu nikasikia mtu akiuliza, "Huyu si ni yule aliacha chuo?" Nikameza mate. Mwalimu wangu hakunifokea. Alichukua chaki, akaandika ubaoni: 34 mara dakika 10 ni dakika 340. Masaa matano na dakika arobaini. Akasema, "Ulipanga masaa mawili. Hata mgeni angekuja mapema, hata jaji wa nne angefika, bado ungeshindwa. Usiseme ilikuwa bahati mbaya. Ilikuwa hesabu."

Anza na majaji, usianze na miradi

Mwaka huu akaniita tena. Sijui kwa nini, na sikuuliza. Lakini kabla ya kugusa rangi yoyote tulikaa chini na kalamu.

Kosa langu lilikuwa kuuliza, "Tuna miradi mingapi?" Swali la kwanza lilipaswa kuwa, "Tuna macho mangapi, na kwa dakika ngapi?" Kwenye maonyesho ya sayansi, meza zinaweza kuongezwa na viti vinaweza kukopwa. Kitu kinachokwama ni muda wa majaji, na kila kitu kingine kinapimwa kwa huo.

Tulikubaliana kila mradi uonwe na majaji watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja akiwa mkali au akiwa hajapenda sauti yako, wengine wawili wanasawazisha. Kila ziara ni dakika 10: nane za kusikiliza na kuuliza, mbili za kuandika alama na kusogea meza inayofuata. Hizo mbili watu husahau, na ndizo huvuruga ratiba, kwa sababu jaji asipopewa muda wa kuandika atauiba kwa mwanafunzi anayefuata.

Sasa ona. Miradi 30 mara ziara 3 ni ziara 90. Jaji mmoja anaweza kufanya ziara kumi kabla akili haijachoka na kila kitu kuanza kufanana. Tisini gawa kwa kumi ni majaji tisa. Ziara kumi ni dakika 100, ongeza mapumziko ya dakika 20 katikati, jumla masaa mawili kamili. Saa nne hadi saa sita. Hesabu imefungana.

Hapo ndipo namba 30 ilitoka. Haikutoka kwa kichwa cha mtu. Tulikuwa na uhakika wa majaji tisa, basi nafasi ni 30. Tungepata sita, nafasi zingekuwa 20. Walioandikisha miradi walikuwa 42, na mwalimu wa fizikia na wa baiolojia wakakaa nao wiki tatu kabla ya siku. Waliuliza maswali matatu: Swali la mradi ni lipi? Umepima nini mpaka sasa? Kuna kitu cha kuumiza mtu? Ambao hawakuwa wamepima chochote walipewa wiki moja. Mwishowe 12 waliachwa, na kila mmoja aliambiwa sababu. Iliuma, sitadanganya. Lakini kuambiwa mapema uko nje ni bora kuliko kusimama masaa matano ukingoja mtu ambaye hesabu ilishasema hatakuja.

Tukaachana na ukumbi wa chakula, tukachukua madarasa matatu yanayofuatana. Meza kumi kila darasa, majaji watatu kila darasa. Ili wasigongane, wa kwanza anaanzia meza 1, wa pili meza 4, wa tatu meza 7. Filimbi ikilia kila mmoja anasonga meza moja mbele, na ukifika 10 unarudi 1. Jaribu kuchora kwa karatasi, utaona hawawezi kukutana hata mara moja.

Kuna shida moja hapo, na jaji mmoja wa kike aliiona kabla yetu. Darasa likipata majaji wakali, miradi yake yote itakuwa na alama za chini, na ukilinganisha madarasa utawaonea. Kwa hivyo hatukulinganisha. Tulichukua wawili wa juu kutoka kila darasa, wakawa sita. Halafu majaji watatu, mmoja kutoka kila darasa, wakawapitia hao sita pamoja, dakika sita kila mmoja. Dakika 36 na mshindi amepatikana.

Orodha ya kukagua: andika kitu kinachoonekana

Mwaka wa kwanza nilikuwa na orodha pia. Ilikuwa inasema: stima, meza, majaji, chakula. Nilikuwa nimeweka tiki kila mahali. Wacha niwaambie ile tiki ya stima ilimaanisha nini.

Soketi zilikuwepo, nikaweka tiki. Siku yenyewe, ekstensheni moja ilikuwa inalisha safu ya miradi sita. Mmoja ulikuwa unachemsha maji kwa koili ya wati 1,500. Halafu mtu wa chai akaona nafasi moja imebaki, akachomeka birika la wati 2,000. Jumla wati 3,500, na hizo sita hata sijahesabu zote. Plagi ya kawaida hapa kwetu ni ya ampia 13, na stima yetu ni volti 240. Zidisha, unapata kama wati 3,100. Tulikuwa tumepita.

Kitu kibaya ni kwamba haizimi papo hapo. Ukipita kiasi kidogo, fyuzi inavumilia, huku plagi inapata moto. Dalili ya kwanza ni harufu ya plastiki. Ya pili ni ukigusa plagi inakuchoma. Na kama waya wa ekstensheni umeviringwa kwenye gurudumu lake bila kunyooshwa, joto halina pa kutokea. Sisi tulinusa, tukadhani ni jikoni. Halafu fyuzi ikaungua na safu nzima ikaenda giza, pamoja na kitotoleshi cha mayai cha kijana mmoja.

Kwa hivyo "stima" si kitu cha kuwekea tiki. Kitu cha kuwekea tiki ni sentensi ambayo mtu mwingine anaweza kuja kuikagua akaona ni kweli ama uongo. Kila mstari una mwenyewe mmoja, si kamati, na una siku. Hii ndiyo orodha yetu ya mwaka huu, nimepunguza kidogo tu:

Wiki sita kabla
- Tarehe na madarasa matatu yameandikwa kwenye kalenda ya naibu mwalimu mkuu, na nimeyaona kwa macho yangu. (Mimi)
- Majaji 9 na wa akiba 2 wamejibu "ndiyo" kwa ujumbe ulioandikwa "saa nne asubuhi, yaani 10:00 kwenye simu, ufike 9:15". (Mwalimu wa fizikia)

Wiki tatu kabla
- Miradi 30 ina namba, darasa na meza. Walioachwa wameambiwa sababu. (Mwalimu wa baiolojia)
- Kila mradi unaohitaji stima umeandikwa wati zake, zilizosomwa kwenye kibandiko cha kifaa. (Katibu wa klabu ya sayansi)

Wiki moja kabla
- Karatasi za alama 90 na za akiba 10 zimechapishwa, kila moja ina namba ya mradi tayari. (Mimi)
- Nauli na chakula cha majaji viko kwenye bahasha kwa bosari. (Mwalimu wa fizikia)
- Wanafunzi wawili wamejaribu kujumlisha alama za uongo na wamepata jibu moja. (Katibu)

Jioni kabla
- Meza 30 ziko mahali pake na namba zimebandikwa. (Wanafunzi wa zamu)
- Kila ekstensheni imenyooshwa yote, jumla ya wati zake haizidi 2,500, na nimeichomekea vifaa vyake nikaona vimewaka. Hakuna birika darasani. (Mimi)
- Ndoo ya mchanga na kizima moto viko mlangoni mwa darasa lenye moto au kemikali. Chupa zote zina lebo. (Mtu wa maabara)

Angalia ile 2,500. Hatukusema 3,100, kwa sababu daima kuna mtu atakuja na chaja na kusema ni kitu kidogo tu.

Na zile karatasi 90 kuwa na namba tayari si urembo. Mwaka wa kwanza majaji waliandika wenyewe, na tulikuwa na karatasi mbili za mradi 16 na hakuna hata moja ya mradi mwingine waliokuwa wameuona. Mpaka leo hatujui nani alipewa alama za nani.

Ratiba ya dakika: nani anafanya nini sasa

Orodha ya kukagua inaisha kazi asubuhi ya siku yenyewe. Kuanzia hapo unahitaji karatasi nyingine, na hii ndiyo sikuwahi kujua ipo. Programu ni ya wageni, inawaambia wataona nini. Ratiba ya dakika ni ya wafanyakazi, na haimsifu mtu. Kila mstari una saa, kitendo na jina. Tuliandika saa za simu ndizo zitangulie, ili yale ya saa 4 yasirudi.

- 7:00 (saa moja): Kufungua madarasa, kuwasha kila soketi. Mimi.
- 7:30: Miradi inaingia, kila mmoja anatia sahihi. Katibu.
- 8:30: Ukaguzi wa usalama, meza kwa meza. Mtu wa maabara. Baada ya hapo hakuna kitu kipya kinaingia.
- 9:15: Majaji wanafika. Chai, maelezo ya alama, kila mmoja anapewa karatasi zake kumi kwa mpangilio wa meza. Mwalimu wa fizikia.
- 9:55: Wanafunzi wako mezani. Wasio na miradi wanatoka. Walimu wa zamu.
- 10:00 (saa nne): Filimbi ya kwanza. Halafu kila dakika 10. Mpiga filimbi.
- 10:50: Mapumziko. Karatasi tano za kwanza zinakusanywa. Katibu.
- 11:10: Filimbi. Ziara tano za mwisho.
- 12:00 (saa sita): Mwisho. Karatasi zote mezani kwangu. Wawili wanajumlisha kila mmoja peke yake.
- 12:20: Majaji watatu wanapitia miradi sita. Mwalimu wa fizikia.
- 1:00 (saa saba): Chakula. Wazazi na shule nzima wanaruhusiwa kuingia, zamu kwa zamu.
- 2:30: Matokeo na zawadi. Mgeni wa heshima, na asipokuwepo, naibu mwalimu mkuu.
- 3:30: Kubomoa. Kila mtu meza yake.
- 4:00 (saa kumi): Madarasa yamefagiwa, funguo kwa naibu. Mimi.

Vitu viwili hapo nataka uvione. Cha kwanza, mgeni wa heshima hafungui chochote. Tulimpa heshima yake mwisho, mahali ambapo akichelewa hakuna mwanafunzi anapoteza dakika. Ukiandaa kitu hapa Nairobi, angalia ratiba yako uulize: ni mstari upi unamngoja mtu aliye kwa jam? Usogeze.

Cha pili ni zile dakika 20 mbili, za 10:50 na za 12:00. Naibu aliziona akasema ni kupoteza muda, tuziweke hotuba. Mwalimu wangu alikataa. Subiri uone.

Siku yenyewe

Saa tatu na robo tulikuwa na majaji nane na wa akiba hakuna. Mmoja mgonjwa, mwingine ameitwa kazini. Wa tisa akapiga simu, matatu imeharibika, atafika kama saa nne na dakika arobaini. Mwaka uliopita hapo ndipo ningeanza kutokwa jasho na kuambia kila mtu angoje.

Mwalimu akachukua ratiba, akaangalia. Akichelewa dakika 40 atakosa ziara nne. Filimbi ikalia saa nne kamili na wengine wakaanza. Huyo wa tisa alifika saa nne na dakika 38, akapewa karatasi zake, akaingia kwenye ziara ya tano kwenye meza ambayo angekuwa hata hivyo. Wengine walipoenda chai yeye akafanya ziara mbili, kwa sababu alikuwa amekaa vya kutosha kwa matatu. Saa sita ilipofika akafanya mbili zilizobaki. Sisi tukajumlisha madarasa mengine mawili kwanza, na miradi yao minne ikaanza kupitiwa saa sita na dakika ishirini kama ilivyoandikwa. Za darasa lake zilikuja zikiwa tayari. Hakuna mwanafunzi hata mmoja alijua kulikuwa na shida.

Hizo ndizo dakika 20 zilizoitwa kupoteza muda. Dakika 40 zote ziliisha, haikubaki hata moja.

Si kila kitu kilienda. Darasa la tatu halikusikia filimbi ya kwanza, kwa sababu kidato cha nne walikuwa wanacheza mpira nje. Jaji mmoja akakaa meza moja dakika 20, na jaji aliyekuwa nyuma yake akaanza kumkaribia. Tuliligundua kwa kuona majaji wawili wameachana meza mbili tu badala ya tatu, kitu ambacho mpangilio ulisema hakiwezekani. Tukaweka mwanafunzi mmoja kila mlango arudie filimbi kwa kupiga makofi, na yule jaji akaruka meza moja kumshika mwenzake, akairudia saa sita. Mwaka ujao huyo wa mlangoni ataandikwa kwenye ratiba.

Saa saba ilipogonga, karatasi 90 zilikuwa mezani kwangu. Nilizihesabu mara mbili. Nilizihesabu mara ya tatu bila sababu.

Meza ya 12

Wale wasichana wa kabati la makaa walirudi. Sasa wako kidato cha tatu. Mwaka huu walikuwa wamejenga makabati mawili, moja la makaa na lingine la vipande vya matofali, wakaweka sukuma wiki ya uzani sawa kila moja na kuzipima kila siku kuona ipi inapoteza maji haraka. Hawakuingia sita bora. Walikuwa wa tatu darasani mwao, na tofauti ilikuwa alama mbili.

Baada ya zawadi tuliwarudishia wanafunzi wote maoni ya majaji watatu. Hiyo ilikuwa wazo la mwalimu. Nilimwona yule aliyeniuliza swali mwaka jana amekaa kwenye ngazi anasoma. Jaji mmoja alikuwa ameandika: "Kwa nini hamkupima unyevu wa hewa? Siku ya mvua kabati hili litafanya kazi?" Alikuwa ameipigia mstari, na tayari ameanza kuandika kitu kwa daftari.

Nikasimama hapo. Akainua macho. "Braza, mwaka jana ulituambia watarudi."

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Pole."

"Tulijua. Tuliona mmoja amepanda bodaboda." Akafunga daftari. "Mwaka huu wamekuja watatu. Mmoja hakuelewa, lakini wamekuja."

Akaangalia saa, ilikuwa tisa na nusu, akaenda kumwaga maji ya kabati. Meza yao ilikuwa namba 12, na saa kumi madarasa yalipaswa yawe yamefagiwa.